Kiswahili sanifu si lazima kiwe rasmi: lugha ya mchezo wa redio kwa bibi na mjukuu

*Swali: Habari. Naandika mchezo wa redio wa dakika 10 wa kuonya watu kuhusu matapeli wa pesa za simu hapa Tanzania. Watakaousikiliza ni wanafunzi wa sekondari, wazazi wao, hadi bibi na babu. Rasimu ya kwanza niliandika kwa Kiswahili fasaha, vijana wakasema ni kama taarifa ya habari. Nikaandika upya kwa lugha ya mazungumzo, wazee wakasema nimeharibu Kiswahili. Nichague kipi? Na kama ni kuchanganya, nichanganye vipi?*

Lawama hizo mbili hazigongani. Vijana wamelalamikia urasmi, wazee wamelalamikia sarufi, na hivyo ni vitu viwili. Usanifu ni kufuata sarufi iliyokubaliwa. Urasmi ni umbali ambao msemaji anauweka kati yake na anayemsikiliza. Mtu akisema "Hebu njoo uone, kiti hiki mbona kinayumba?" hajakosea upatanisho hata mahali pamoja, wala hana urasmi wowote. Mwingine akisema "Changamoto hizo imepelekea zoezi kusitishwa" amevaa urasmi wote wa ofisini na sarufi imemponyoka, maana changamoto hizo *zime*pelekea. Miswada mingi ya hadhira mchanganyiko huharibika hapa: mwandishi akitaka kulegeza lugha anaanza kwa kuvunja ngeli, na akitaka kuinyoosha anaanza kumwaga "hivyo basi" na "ambapo".

Wala usanifu wenyewe haukuzaliwa mgumu. Uliegemezwa kwenye Kiunguja, lahaja ambayo watu walikuwa wakiisema nyumbani na sokoni, baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kuichagua na Kamati ya Lugha kuanza kazi mwaka 1930. Ugumu tunaousikia leo umetoka kwenye barua za ofisi, hotuba na habari zilizotafsiriwa haraka.

Kwa hiyo usichanganye nusu kwa nusu. Msimulizi wako mpe Kiswahili sanifu kisicho rasmi, mwanzo hadi mwisho, bila kuyumba. Lugha rasmi na lugha ya mtaani ziwe za wahusika, kila moja mahali ambapo ina kazi ya kufanya.

Tuanze na wazee. Kinachowagutusha kwanza si neno jipya, ni upatanisho uliovunjika. "Hii mambo", "hizi maneno", "ile kitu", "simu yake mbili": sikio lililozoea lugha linasimama hapo, na wakati limesimama sentensi inayofuata inapita bila kusikika. Kijana kwa upande wake hakereki ukisema "haya mambo". Hata yule anayesema "hii mambo" na wenzake hawezi kukuona wa kizamani kwa sababu umesema "haya mambo". Hapa basi huna cha kusawazisha: shika sarufi sawasawa, wazee watafurahi na vijana hawatagundua chochote. Kuweka kionyeshi kabla ya nomino hakuna shida, ni kawaida ya mazungumzo ya rika zote. "Hiyo namba umeitoa wapi?" ni salama kabisa. Angalia tu kama kionyeshi kinakubaliana na nomino yake.

Jambo la pili linalosikika upesi ni ile "-ga" ya mwishoni: "wanapigaga jioni", "inakuwaga hivi". Imeenea sana mitaani, lakini masikioni mwa wengi wa umri mkubwa bado ni kosa. Kuibadilisha kwa "hupiga jioni" ni sahihi, ila kwenye redio inasikika kama hadithi ya kitabuni. Njia nzuri ni "huwa": "huwa wanapiga jioni". Ni sanifu, na ndivyo watu wanavyosema.

Sasa vijana. Wanaposema "taarifa ya habari" mara chache huwa wanasema juu ya neno moja moja. Wanasema juu ya ujenzi wa sentensi. Tazama ufunguzi wa aina hii, ambao nadhani hauko mbali sana na rasimu yako ya kwanza:

> MSIMULIZI: Kumekuwepo na ongezeko la vitendo vya utapeli vinavyofanywa kwa njia ya simu za mkononi, ambapo wananchi wamekuwa wakipokea ujumbe mfupi unaowaelekeza kutuma fedha kwa namba zisizofahamika. Hivyo basi, wananchi wanashauriwa kujiridhisha kabla ya kufanya muamala wowote.

Sentensi ya kwanza ina maneno 26, na "kutuma", ambalo ndilo jambo lenyewe, ni neno la 22. Msikilizaji amebeba mzigo njia nzima bila kujua anaupeleka wapi. Tena hakuna mtu anayetenda: ongezeko "limekuwepo", vitendo "vinafanywa", wananchi "wanashauriwa". Nani anafanya? Nani anashauri? Msomaji wa gazeti anaweza kurudi nyuma akasoma tena, msikilizaji wa redio hawezi. Na mwisho kabisa, "kujiridhisha" haimwambii bibi afanye nini kwa mkono wake.

Ukikimbilia upande wa pili unapata hiki:

> MSIMULIZI: Oya, masela wa mtandaoni wanapiga watu kinoma. Hii mambo inakuwaga hivi: unatumiwa meseji, ile pesa tuma hapa, we unaingia kichwa kichwa, ushapigwa.

Hapa sentensi ni fupi na watu wanatenda, kwa hiyo kuna kitu kizuri cha kuchukua. Lakini ukiacha upatanisho na ile "-ga", kuna hatari kubwa zaidi katika "wanapiga watu" na "ushapigwa". Kwa kijana kupigwa ni kutapeliwa. Kwa bibi kupigwa ni kupigwa kwa fimbo au ngumi. Bibi hakuchukia neno hilo, amelielewa vizuri tu, ila ameelewa habari nyingine. Ndiyo maana misimu ni mibaya zaidi inapotumia neno la zamani kwa maana mpya kuliko inapotumia neno jipya kabisa. Neno geni msikilizaji analishangaa na kuuliza. Neno analolijua halimshangazi, na wewe hutajua kwamba mmepotezana.

Ufunguzi ambao ningeupeleka studio ni huu:

> MSIMULIZI: Simu imelia. Meseji imeingia: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Na kweli, leo ulikuwa umtumie fundi pesa zake. Sasa je, utume? Ngoja kwanza. Mpigie fundi kwa ile namba yake unayoijua siku zote. Akisema si yeye aliyeandika, basi huyo ni tapeli.

Hakuna kosa la sarufi hapo, kwa hiyo mzee hana pa kushika. Kila sentensi inaisha ndani ya pumzi moja. Kuna kitendo katika kila sentensi. Na shauri limekuwa jambo la kufanya kwa mkono: mpigie fundi kwa namba unayoijua.

Kilichoifanya isikike kama mazungumzo ni yale maneno madogo: *sasa je, ngoja kwanza, ile, basi*. Kundi hili lina *kumbe, mbona, hebu, si, kwani, eti, yaani, jamani*, na ndilo ambalo waandishi wanalisahau wanapotafuta lugha inayoungana na watu. Hayana umri. Mtoto wa darasa la tano anasema "mbona", bibi yake anasema "mbona", na wote wawili wanamaanisha kitu kimoja. Vijineno hivi ndivyo vinavyosogeza msemaji karibu na msikilizaji bila kugusa sarufi. Ila yana kipimo chake. Kimoja katika kila sentensi mbili au tatu kinatosha. "Yaani" ikiingia kila mahali inaacha kueleza na inakuwa kigugumizi. Vilevile kiambishi "-je" mwishoni mwa kitenzi kinapunguza urasmi bila gharama yoyote: "Ulijuaje?" kwa "Ulijua kwa namna gani?", "Unafanyaje?" kwa "Unapaswa kufanya nini?"

Kuhusu ujenzi, kuna mabadiliko manne yatakayokufanyia sehemu kubwa ya kazi. Pita kwenye rasimu yako ya kwanza na kalamu nyekundu ukitafuta haya tu.

Tafuta "iwapo", "endapo" na "pindi". Karibu kila mara "-ki-" inatosha. "Endapo mtu atakupigia" ni silabi 11, "mtu akikupigia" ni silabi 8, na maana haijapungua. Kipimo cha silabi ni bora kuliko cha maneno, kwa sababu neno moja la Kiswahili linaweza kuwa sentensi nzima, na mwigizaji anapumua kwa silabi.

Tafuta "ambaye" na ndugu zake. "Mtu ambaye alikupigia" inakuwa "mtu aliyekupigia" au, kwa mazungumzo zaidi, "yule aliyekupigia". Usiifute "amba-" kila mahali, maana kuna vitenzi visivyoweza kubeba kirejeshi: "watu ambao wamepokea meseji hii", "mtu ambaye hajawahi kutapeliwa". Mwandishi anayeogopa "amba-" kupita kiasi huishia kuzunguka mbali kukwepa kitu ambacho hata bibi anakisema. "Ambapo" ndiyo ya kuihukumu bila huruma. Inapounganisha sentensi mbili ambazo hazizungumzii mahali, weka nukta na uanze upya.

Tafuta kauli ya kutendwa isiyo na mtendaji, kisha umtaje mtendaji. "Pesa zilitolewa" iwe "alitoa pesa zote". Kutendwa kunabaki pale ambapo aliyepatikana na jambo ndiye mhusika wetu: "bibi ametapeliwa" ni nzuri, kwa sababu tunamtazama bibi.

Halafu tafuta nomino zilizomeza vitenzi: "kufanya utumaji", "kutoa ushauri", "zoezi la uhakiki", "kufanya mawasiliano na". Zirudishe ziwe kutuma, kushauri, kuhakikisha, kupiga simu. Hizi ndizo zinazoleta sauti ya ofisini kuliko kitu kingine, na zikitoka sentensi hujifupisha zenyewe.

Ukimaliza, sentensi yoyote ya msimulizi iliyobaki na maneno zaidi ya 15 ikate. Si sheria ya sarufi, ni kipimo cha kazi tu, na kuna sentensi ndefu itakayokushinda kwa uzuri wake. Iache hiyo moja.

Msamiati una ngazi, na kwa somo lako ngazi iko wazi: fedha, pesa, hela, mkwanja. Msimulizi akae kwenye "pesa". "Hela" nayo inajulikana na wote, ila ina harufu ya nyumbani zaidi, kwa hiyo mpe mama au mjukuu. "Fedha" mpe sauti ya ofisi. "Mkwanja" asikie rafiki wa kijana tu. Lakini usidhani kwamba neno la katikati ndilo lililo sanifu zaidi daima. "Ujumbe mfupi" kwa wazee wengi si rahisi kuliko "meseji", kwa sababu simu iliwafikia pamoja na neno "meseji". Neno linalofaa ni lile ambalo watu wa rika zote wanalisema wakiwa wameishika simu mkononi, hata kama ni la kukopa. Kwa hiyo "wakala", "salio", "laini", "namba ya siri" ziingie bila maelezo. "Muamala" inajulikana kwa sababu watu huiona kwenye meseji za mtandao, lakini wengi huisoma tu, hawaisemi. Mwachie mtoa huduma.

Hapa kuna kosa ambalo walimu wa insha wametuachia: kuogopa kurudia neno. Ukishachagua "namba ya siri", ni namba ya siri hadi mwisho. Ukiigeuza "nywila" dakika ya nne na "neno la siri" dakika ya saba, msikilizaji anadhani umetaja vitu vitatu, na yule mwenye miaka 70 atajiuliza ni kipi kati ya hivyo hapaswi kumpa mtu.

Sasa kuna suala la adabu, ambalo watu huliweka chini ya urasmi na silo. Kiswahili cha kawaida hakimheshimu mtu kwa kubadilisha "wewe" kuwa kiwakilishi kingine. Heshima inakaa kwenye salamu, kwenye jina la udugu, na kwenye umbo la kitenzi. Msimulizi mwenye sauti changa akisema "Sikiliza! Acha kutuma pesa ovyo!" amemwamrisha mzee, hata kama sarufi ni safi. Dawa si kupanda kwenye "mnaombwa kusikiliza". Tumia "tu-" inayomweka msimulizi na msikilizaji upande mmoja: "Hebu tumsikilize bibi." Tumia "usi-" kwa makatazo, "usimpe mtu namba yako ya siri", ambayo kila rika inaipokea vizuri. Amri tupu kama "ngoja" au "mpigie" ipite pale ambapo hali yenyewe ina haraka na msimulizi ameshakuwa upande wa msikilizaji. Na zungumza na mtu mmoja. "Ukipata meseji" inamfikia aliyeketi sebuleni, "mkipata meseji" inamfanya ajione yuko mkutanoni.

Tukija kwa wahusika, wengi humpa kila mhusika lugha yake moja: kijana misimu, mama lugha ya kawaida, bibi Kiswahili cha kitabu. Watu hawasemi hivyo. Lugha hubadilika kulingana na anayeambiwa, kwa hiyo ipange kwa jozi, si kwa mtu. Chukua karatasi, andika majina ya wahusika juu na pembeni, na katika kila makutano andika wanaitanaje na wanasalimianaje. Wahusika wanne wana jozi sita, na nusu saa inatosha. Kijana akiongea na rafiki yake ni mmoja, akimgeukia bibi ni mwingine, na kule kugeuka kwenyewe ndiko kunakomfanya aonekane mtu wa kweli.

Bibi naye si mtangazaji. Bibi nyumbani kwake ndiye mwenye lugha ya mazungumzo kuliko wote: anafupisha, anauliza kwa "kwani", anakatiza watu, anatania. Kumpa sentensi za "hivyo basi" ni kumkosea, na wazee wanaosikiliza wanalijua hilo haraka. Wala usimpe methali kila akifungua kinywa. Moja katika dakika 10 inatosha, tena iwe ya kufunga jambo alilolijibu, si ya kupamba.

Basi lugha rasmi inakwenda kwa nani? Katika mchezo wako iko kazi nzuri sana kwa ajili yake: mpe tapeli. Matapeli ndio wanaojivika urasmi ili waonekane ofisi. Msikilizaji akishajua kwamba kwenye mchezo huu kila mtu anaongea kama mtu, ule urasmi wa ghafla unakuwa ishara. Tazama tukio hili:

> BARAKA: (kwenye simu) Poa mwanangu, jioni nitakucheki.
>
> BIBI: Baraka! Hebu njoo unisomee hii, miwani yangu siioni.
>
> BARAKA: Nakuja bibi. (anasoma) "Ndugu mteja, huduma yako imesitishwa kutokana na kutohakikiwa kwa taarifa zako. Utapigiwa simu na afisa wetu. Unatakiwa kuwa tayari kutoa namba yako ya siri." Bibi, hawa wanataka kukuibia.
>
> BIBI: Kwani si wameandika vizuri, kama watu wa ofisini?
>
> BARAKA: Ndiyo mtego wenyewe huo, bibi. Mtu wa ofisini hakuulizi namba ya siri.
>
> (Simu inaita. Bibi anapokea.)
>
> TAPELI: Habari za wakati huu. Ninazungumza kutoka kitengo cha huduma kwa wateja. Tunahitaji kuhakiki taarifa zako ili kurejesha huduma.
>
> BIBI: Ngoja nimuulize mjukuu wangu kwanza.
>
> TAPELI: Hapana, usimuulize mtu! Fanya fasta, bibi, muda unaisha!
>
> BIBI: Afisa gani wewe? Shikamoo huna, halafu "fasta"! (anakata simu)

Fuata lugha inavyobadilika. Baraka ana "mwanangu" na "nitakucheki" kwa rafiki tu, na vyote viwili vinakatika mara bibi anapomwita. Meseji imeandikwa kwa kauli za kutendwa na nomino nzito zile zile ulizozifuta kwa msimulizi, kwa makusudi. Tapeli anaanza juu, akibanwa anaanguka mtaani, na anayelisikia anguko hilo ni bibi, si kijana. Vijana wanacheka, wazee wanaona mwenzao ameshinda kwa sikio lake mwenyewe. Taarifa ya msingi, kwamba ofisi haiulizi namba ya siri, imesemwa mara moja na Baraka kwa maneno saba ambayo kila mtu anayo. Mtahadharishe tu mwigizaji wa tapeli asifanye sauti ya kijambazi tangu mwanzo, maana mtego ni ule ustaarabu wa sentensi zake za kwanza.

Misimu basi inaruhusiwa, lakini iwe michache na kila mmoja ulipiwe ndani ya tukio. Kulipia ni kumfanya asiyeijua aielewe bila msimulizi kusimama kufafanua. Lile neno "kupigwa" lililotutia wasiwasi linaweza kuwa mali yako hapa:

> BARAKA: (kwenye simu) Oya, bibi kidogo apigwe leo.
>
> BIBI: Nipigwe? Na nani?
>
> BARAKA: (anacheka) Utapeliwe, bibi. Kuibiwa kwa maneno.
>
> BIBI: Haya, sema hivyo. Nipigwe mimi!

Neno limefafanuliwa, watu wamecheka, na kutoelewana kwa rika mbili kumekuwa sehemu ya mchezo badala ya kuwa hitilafu yake. Tukio la aina hii liwe moja, au mawili ukipenda. La tatu linaanza kuonekana hila. Na chagua misimu iliyokwisha kukaa. "Poa" ilianza kama ya vijana na sasa hata mzee anaijibu. Msimu uliozuka mwaka huu unaweza kuwa umekufa mchezo utakaporudiwa hewani mwakani, na hapo vijana watakucheka kuliko walivyokucheka kwa ile taarifa ya habari.

Jambo dogo la kuandika: usifupishe maneno kwenye karatasi. Andika "nitakucheki", usiandike "ntakucheki". Andika "sijui", usiandike "sjui". Kinywa cha mwigizaji kitafupisha chenyewe kadiri ya kasi na hali. Ukimwandikia kifupi atakitamka kwa kukusudia, na kifupi cha kukusudia kinasikika kama mzaha. Acha kifupi kwenye karatasi pale tu kinapobeba tabia ya mhusika.

Kabla ya kurekodi, jaribu. Tafuta wasikilizaji watatu ambao hawajauona mswada: mmoja wa miaka 15 hivi, mmoja wa 40, mmoja aliyepita 65. Kila mmoja asikilize peke yake, mara moja, bila karatasi. Mtu akiwa na karatasi anasahihisha tahajia, na akiwa na mkubwa wake pembeni anakubali kila kitu. Usimwulize kama amependa. Mwambie: "Nisimulie, bibi alifanya nini, na wewe ukipata meseji hiyo utafanya nini?" Kisha nyamaza na usikilize maneno anayotumia. Uliandika "mpigie kwa namba unayoijua" naye akasimulia "apige namba ile ya zamani"? Amekuelewa, na pengine amekupa sentensi nzuri kuliko yako. Akiruka kitu kizima, rudi uangalie sentensi iliyokuwa kabla yake, kwa kawaida ndiyo iliyomsimamisha. Mzee atakuambia kosa la sarufi kwa mdomo. Kijana hasemi, anaacha tu kusikiliza, kwa hiyo kwake tazama ni dakika gani macho yalihama, uiandike.

Jaribio la pili ni la waigizaji. Katika usomaji wa kwanza wa pamoja usiwasahihishe wanapokosea maneno. Weka alama. Mwigizaji akibadilisha neno lako lile lile mara mbili bila kujua, neno lake ndilo la mhusika huyo, mradi upatanisho umebaki salama.

Na kama mchezo utavuka kwenda Kenya, usiutume ulivyo. Sarufi ya msimulizi itakwenda bila shida, lakini "bibi" kwa wengi huko ni mke wa mtu, na mama wa mzazi ni "nyanya". "Wakala" ni "ajenti" na "namba" husemwa "nambari" mara nyingi. "Shikamoo" nje ya pwani haina mazoea ya kila siku, kwa hiyo ule mstari wa bibi wa "shikamoo huna" utapita bila kuuma. Mpe jambo jingine la kumkasirisha, kwa mfano kuitwa kwa jina lake tupu na kijana asiyemjua. Misimu ya Baraka ndiyo usijaribu kuitafsiri ukiwa mbali. Sheng hubadilika mtaa kwa mtaa, kwa hiyo ile mistari yake miwili au mitatu mkabidhi kijana wa hapo hapo aiandike upya, na uilinde sentensi moja tu isiguswe: ile inayosema nani hakuulizi namba ya siri.